Uso wa udi umepasuka: tuutie supagluu?

*"Fundi, shikamoo. Nina udi wa marehemu baba. Aliupiga kwenye taarab hapa Mombasa miaka mingi bila kupata ila. Tangu Januari niliuhamishia chumbani kwangu kwenye kiyoyozi, usije ukaharibiwa na joto la kaskazi. Sasa uso umepasuka kutoka kwenye daraja hadi mwisho, kama sentimita 9, na daraja lenyewe upande mmoja limeanza kunyanyuka. Seremala wa mtaani ataka kuuziba ufa kwa supagluu na unga wa mbao. Jamaa mwengine aniambia niupake mafuta ya nazi. Nimenunua na kasha gumu, lakini nikilifungua lanuka uvundo. Nifanyeje?"*

Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu mzee. Kabla ya maelezo, fanya mambo mawili leo hii: mwambie seremala asubiri, na ulegeze nyuzi. Usizitoe. Zishushe kidogo kidogo, moja baada ya nyengine, kisha uzirudie tena kutoka mwanzo, mpaka udi mzima uwe umeshuka sauti mbili hivi. Nyuzi 11 zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 30, na nguvu yote hiyo imeshikwa na kijiti kimoja kilichogandishwa usoni kwa gundi. Daraja lililokwisha kuanza kunyanyuka, likiachiwa mvuto huo kwenye joto hili, unaweza kulikuta asubuhi limebanduka lote na kuondoka na nyama ya mbao.

Sasa tuje kwenye ufa. Hapa kwetu kila chombo cha mbao kikiharibika tunausingizia unyevu wa bahari. Lakini unyevu haupasui mbao. Unyevu huivimbisha, kinachopasua ni ukavu. Waulize mafundi wa majahazi. Chombo kikivutwa pwani kikakaa juani miezi, mbao hukauka zikasinyaa, mianya ikafunguka baina ya ubao na ubao. Kikirudishwa majini, mbao hunywa maji, zikavimba na kubanana tena. Uso wa udi wako umefanya kama ule ubao uliovutwa pwani, na pwani yenyewe ni kile chumba cha kiyoyozi.

Kiyoyozi hakipozi hewa tu. Hewa ya Mombasa ikipita kwenye mabomba yake ya baridi huacha maji mengi, ndiyo yale yanayodondoka nje kwenye mpira. Nje ya dirisha lako unyevu wa hewa huwa kama asilimia 75 hadi 80, na alfajiri hupanda zaidi. Chumbani, kiyoyozi kikifanya kazi vyema, unaweza kushuka mpaka 50 au chini yake. Mbao nayo hufuata hewa iliyoizunguka. Penye unyevu wa 80, maji yaliyomo ndani ya mbao huwa kama asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Penye 50, huwa kama 9. Uso wa udi ni ubao mwembamba sana, kiasi cha milimita 2, na mara nyingi haupakwi vanishi, au hupakwa kidogo mno. Kwa hiyo hauchukui miezi kubadilika kama mlango wa mvule. Siku chache zatosha.

Uso wenye upana wa sentimita 36, ukiachwa huru, ungesinyaa karibu milimita 3 na nusu kutoka hali ya kwanza hadi ya pili. Ila hauko huru. Ndani yake kuna vijiti vilivyogandishwa kwa kukingama, ambavyo mimi huviita mataruma kwa sababu kazi yao ni ile ile ya mataruma ya jahazi. Mbao husinyaa upande wa upana. Upande wa urefu wa nyuzi zake husinyaa kidogo mno, hata si wa kuhesabu. Mataruma yamelala urefu wao juu ya upana wa uso. Uso unataka kujikusanya, mataruma yanaukatalia, na mvutano ule hutafuta pahali dhaifu pa kutokea. Mara nyingi ni pembeni ya daraja, maana pale nyuzi za muziki zimekwisha kuichosha mbao.

Ndiyo maana udi ulikaa na mzee miaka yote hiyo salama. Haukukingwa dhidi ya joto wala unyevu, ulivizoea. Ulilala kwenye hewa moja mwaka mzima, ukipanda kidogo wakati wa masika na kushuka kidogo wakati wa kaskazi. Wewe, kwa mapenzi, umeupeleka mahali ambapo hewa ni kavu usiku kucha, kisha asubuhi unazima kiyoyozi, unafungua dirisha, na unyevu wote unarudi. Kila siku mbao yavutwa huku na huku.

Lipo na jambo jengine kuhusu baridi ya chumba. Umeona bilauri ya maji baridi inavyotoka jasho ukiiweka barazani? Udi uliopoa hadi nyuzijoto 21 ukiutoa ghafla nje hufanya vivyo hivyo. Hewa yetu ya kaskazi huanza kuacha matone kwenye kitu chochote kilicho baridi kuliko nyuzijoto 24 hivi. Umande mwembamba hutanda usoni, kwenye nyuzi na kwenye mshono wa daraja, wala huuoni. Kama ulikuwa ukitoka nao chumbani moja kwa moja kwenda harusini, nadhani ndio uliolegeza gundi ya daraja. Chombo kilichopoa huachwa ndani ya kasha lililofungwa kwa saa nzima au zaidi, mpaka kifikie joto la nje, ndipo hufunguliwa.

Sasa fikiria seremala anataka kufanya nini. Ufa uko wazi kwa sababu mbao imesinyaa. Yeye ataujaza supagluu na unga wa mbao ugeuke jiwe. Leo utaonekana umezibika. Mwezi wa Mei, mvua zikishika, uso utarudi kuvimba na kutaka ile nafasi yake, utaikuta imejaa. Kuna udi ulioletwa mezani kwangu hivyo hivyo. Ufa wa kwanza ulikuwa umesimama imara kabisa kama mfupa, na sambamba nao, milimita 4 pembeni, uso ulikuwa umeinuka kama tuta dogo. Ukipitisha kidole unalisikia. Chini ya tuta, taruma moja lilikuwa limeachana na uso. Kuling'oa lile jiwe ilinibidi nikate ukanda mzima wa mbao nzuri, kwa kuwa supagluu huzama ndani ya vinyweleo, huacha doa jeusijeusi lisilotoka, na mahali ilipopita gundi nyengine haishiki tena. Dawa inayoiyeyusha ni asetoni, nayo hula vanishi yoyote iliyo karibu. Simlaumu seremala, kwa mguu wa kiti ni gundi nzuri.

Tiba ya kwanza ya ufa wako haigharimu chochote. Utoe udi kwenye chumba cha kiyoyozi, uuweke kwenye chumba cha ndani chenye hewa ya kawaida ya nyumba, mbali na dirisha, jua na jiko, nyuzi zikiwa zimelegezwa. Kisha subiri wiki 2 hadi 3. Usiuweke bafuni, usiupigie mvuke, usiuwekee kitambaa kibichi. Mbao inayolazimishwa kunywa haraka huvimba nje kabla ya ndani, na uso hujipinda. Siku ya kwanza laza rula kando ya ufa upige picha, na kila Jumapili upige nyengine kutoka pale pale. Kipimo changu ni cha karatasi. Udi mmoja wa hali kama hii ulipoletwa kwangu, kadi ya biashara iliingia ufani bila kusukumwa. Baada ya siku 12 kadi haikuingia lakini karatasi ya daftari iliingia. Siku ya 19 hata karatasi iligoma, na ufa ulibaki mstari mmoja mwembamba kama unywele. Hapo ndipo pa kutia gundi, kwa sababu mbao imerudi kwenye upana wake wa Mombasa na kingo mbili zinakutana zenyewe bila kujazwa chochote.

Gundi yenyewe, kwa ufa, ni gundi ya ngozi, ile ya chembechembe inayopashwa moto. Chembe hulowekwa kwenye maji baridi kwa saa kadhaa, uzito mmoja wa chembe kwa mbili za maji, mpaka zivimbe ziwe kama halua laini. Kisha chombo chake huwekwa ndani ya maji ya moto, isizidi nyuzijoto 60 na kidogo, kwani ikichemka nguvu yake hufa. Fundi huipaka juu ya ufa na kuubonyeza uso taratibu, upande huu na upande huu, ufa upumue na kuivuta gundi ndani. Hufuta ziada kwa kitambaa kilichokamuliwa maji ya moto, huweka nailoni na kibao juu, hubana kidogo tu. Vitabu vinasema saa 24. Kwa hewa yetu mimi huacha siku 2. Uzuri wake ni kwamba miaka 40 ijayo fundi mwengine akitaka kuufungua, maji ya moto na kisu chembamba vitatosha. Pia gundi mpya ya ngozi hushikana na ya zamani, jambo ambalo gundi nyengine nyingi haziwezi.

Lakini nisikufiche udhaifu wake, hasa hapa pwani. Kinachoifungua gundi hii, yaani joto na maji, ndicho tulichojaaliwa. Hewani, hata kwa unyevu wetu, hushika vyema. Mzee wako ni shahidi. Kinachoishinda ni joto kali na unyevu vikikutana, na hilo hutokea ndani ya gari. Gari lililokaa juani kwenye foleni ya feri ya Likoni, ndani kwenye buti, laweza kukaribia nyuzijoto 60, ambalo ni joto lile lile tunalopashia gundi. Gundi nyeupe ya seremala haikuokoi hapo, kwani nayo hulainika kwenye joto hilo, na ina kasoro ya ziada: chini ya mzigo wa kudumu huteleza polepole hata bila joto kali. Kwa ufa usiobeba mzigo mkubwa, fundi akikosa ya ngozi, gundi nyeupe au ya manjano ya mbao yavumilika. Kwa daraja nisingekubali ile nyeupe, kwa kuwa daraja huvutwa mchana na usiku.

Na daraja ndilo linalonitia wasiwasi kuliko ufa. Chukua kipande cha karatasi nyembamba, kipitishe chini ya ukingo wake upande ulionyanyuka, bila nguvu. Kikiingia milimita 1 au 2 pembeni tu, nyuzi zikibaki zimelegezwa lasubiri pamoja na ufa. Kikiingia hadi thuluthi ya upana wa daraja, toa nyuzi zote, mpelekee fundi wa ala wiki hii. Usijaribu kusukumia gundi kwenye upenyo ule. Mule ndani mna gundi kuukuu na vumbi, gundi mpya itashika vumbi, na baada ya wiki chache litanyanyuka tena likiwa limechafuka zaidi. Daraja hutolewa lote, pande zote mbili husafishwa mpaka mbao, ndipo hurudishwa.

Mafuta ya nazi yabaki jikoni. Uso usio na vanishi utayanywa kama mkate, utapata baka, utakuwa mzito na sauti itafifia; juu ya hayo, mbao iliyokunywa mafuta haishiki gundi. Mafuta hayarudishi maji yaliyopotea, nayo mbao yako imepungukiwa na maji.

Uvundo wa kasha unatokana na ukungu kwenye sponji na mahameli ya ndani. Kasha jipya, tena zuri, hukaa ghalani bandarini na dukani miezi limefungwa. Lifungue lote, librashi ndani kwa brashi kavu mkiwa nje (ziba pua, vumbi lile si zuri kwa kifua), lisimamishe kivulini penye upepo au mbele ya feni siku 3 au 4. Harufu ikirudi baada ya hapo, bitana ing'olewe iwekwe nyengine. Usitie udi humo mpaka harufu iishe. Kasha gumu halikaushi wala halilowanishi, linachelewesha. Hewa utakayoifungia ndani ndiyo itakayokaa ndani. Ukirudi harusini saa nane za usiku na udi una jasho la mkono wako, ukaufunga hapo hapo, umeufungia jasho. Ufute kwa kitambaa kikavu, uuache nusu saa juu ya kitanda, kisha uufunge. Wakati wa masika, kila wiki ulifungue kasha asubuhi moja yenye upepo, liwe tupu.

Kile kifurushi cha silika jeli kinachouzwa nalo kinasaidia, ila kwa Mombasa hushiba upesi mno. Kikishashiba ni mchanga tu. Kinahitaji kukaushwa ovenini kwa nyuzijoto 110 hivi, saa 2, na hutajua wakati wake bila kipima unyevu. Nunua kile kidogo cha tarakimu, ukijaribu kabla ya kukiamini. Jaza kifuniko cha chupa ya soda chumvi ya mezani, dondoshea maji machache iwe kama uji mzito isiyeyuke, iweke pamoja na kipima ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, acha saa 8 kwenye chumba kisicho na kiyoyozi. Chumvi ile hushikilia unyevu wa ndani kwenye asilimia 75. Kipima kikisoma 69, andika nyuma yake "ongeza 6". Wazungu huandika kwamba ala ikae kwenye 45 hadi 50. Hayo ni ya ala zilizojengwa na kuishi kwenye hewa kavu. Kwa udi uliokaa hapa miaka yote, mimi hulenga 55 hadi 65 ndani ya kasha, na nikiona umesimama kwenye 68 bila kuyumba niko radhi kuliko kuona 50 usiku na 75 mchana. Ukipita 70 kwa wiki nyingi, ukungu huanza.

Kama lazima ulale na kiyoyozi, kasha likae chumba chengine. Na kama nyumba yenu ni zile za Mji wa Kale, za mawe ya matumbawe na chokaa, usiliegemeze kwenye ukuta wa nje wala usiliweke sakafuni chini ya kitanda. Kuta zile hunyonya maji kutoka chini, pitisha mkono utasikia ubaridi. Liweke juu ya meza au kabati, shubiri moja mbali na ukuta wa ndani.

Mbali na daraja, kuna dalili tatu za kukutoa nyumbani bila kungoja. Ya kwanza, ukigonga uso kwa ncha ya kidole, pole pole kila mahali, ukasikia mlio wa kutetema kama bati: taruma limeachia. Ya pili, ufa ukipita chini ya daraja na kutokea upande wa pili. Ya tatu, nyuzi zikiwa juu zaidi ya shingo kuliko zamani, kidole kikichoka kuzibana: shingo inavutwa mbele. Ukimfikia fundi, muulize swali moja tu: atatumia gundi gani, na ikibidi itatokaje? Asiyekuwa na jibu la nusu ya pili, chukua udi wako urudi nao. Tena jitayarishe kusikia kwamba uso lazima ufunguliwe wote, kwa kuwa matundu ya udi mara nyingi hayaruhusu mkono kuingia kubandika viraka ndani kama kwenye gitaa. Kwa ufa wa sentimita 9 uliojifumba wenyewe, mara nyingi haifiki huko. Usipojifumba baada ya wiki 3, utahitaji kibanzi cha mbao ya aina ile ile, kilichochongwa kufuata ufa, nayo ni kazi ya mtu aliyeizoea.

Ukishatengenezwa, usiukaze siku moja. Siku ya kwanza rudisha nusu ya ulichoshusha, uuache. Kesho yake pitisha tena karatasi chini ya daraja. Isipoingia popote, ongeza robo, na siku ya tatu fika kwenye sauti yake kamili, uache siku ya nne nzima kabla ya kushika risha.